Simu Haichaji: Namna ya Kuandika Makala ya Hitilafu Kuanzia Anachokiona Msomaji

Makala yangu ya kwanza kuhusu simu isiyochaji ilianza hivi: "Tundu la chaji linapoharibika, simu hushindwa kupokea umeme." Shangazi yangu wa Majengo, Moshi, aliisoma, akaamini tundu limekufa, akapanda basi kilomita 80 hivi mpaka dukani kwangu Arusha. Nilimulika tundu kwa tochi ya simu nyingine, nikapitisha kijiti cha meno, kikatoka kibonge cha vumbi kilichoshikamana na nyuzi za kanga. Simu ikachaji palepale mezani. Akaniangalia. "Sasa si ungeandika hivyo, mwanangu?"

Sentensi yangu haikuwa na uongo. Kosa ni kwamba nilianza pale anaposimama fundi, yaani kwenye kifaa kilichokufa, wakati msomaji anasimama upande wa pili kabisa: ana simu mkononi, waya umechomekwa, na kitu fulani hakitokei. Makala ya hitilafu inapaswa kumchukua hapo alipo na kumtembeza kutoka kwenye dalili, kwenda kwenye chanzo kinachoelekea zaidi, ndipo afike kwenye tiba. Hapa chini naeleza ninavyoiandika sasa, na nitatumia simu hiyohiyo isiyochaji mwanzo hadi mwisho. Anayeandika kuhusu friji au pasi atabadilisha vifaa tu, mpangilio utabaki.

Hatua ya 1: Kusanya maneno ya wenye simu

Kabla ya kuandika chochote, weka daftari mezani kwa wiki moja. Mteja akiiweka simu mbele yako, andika sentensi yake ya kwanza kama alivyoisema, bila kuitafsiri kwa lugha ya ufundi. Mimi nilipata hizi mara nyingi kuliko nyingine:

"Imezima kabisa, nikichomeka hata alama haiji."
"Inachaji, ila mpaka niushike waya."
"Inaonyesha inachaji lakini asilimia zinashuka."
"Inachaji, lakini kutwa nzima haijai."

Wote wanne wangekuambia simu yao haiingizi chaji, na wote wanne wana tatizo tofauti. Wa pili karibu kila mara ana shida pale waya unapokutana na simu. Wa tatu na wa nne umeme unawafikia, ila hautoshi. Wa kwanza anaweza kuwa na chochote, hata soketi isiyo na umeme. Ukiwaandikia ukurasa mmoja wenye orodha moja ya vyanzo, watatu kati yao watasoma mambo yasiyowahusu kabla ya kufika kwao, na wengine hawatafika.

Kwa hiyo sentensi hizo ndizo vichwa vidogo vya makala. Ziandike karibu na zilivyosemwa. Msomaji anapitisha macho akitafuta sentensi yake, akiiona anasimama.

Hatua ya 2: Hakikisha dalili ni dalili

Dalili ni kitu ambacho mtu anakiona, anakisikia, anakigusa au anakinusa bila kufungua simu. "Betri mbovu" si dalili. Hiyo ni hukumu, na mwenye simu hana njia ya kuifikia. "Aisii ya chaji imeungua" ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inamfanya msomaji ajione amepata jibu wakati amepata neno tu.

Kipimo changu ni rahisi: jiulize kama mtoto wa darasa la tano anaweza kukujibu ndiyo au hapana akiwa ameshika simu. "Waya ukichomekwa, kuna alama ya umeme kwenye kioo?" Anajibu. "Tundu limelegea?" Hapo atababaika, maana kulegea kwa fundi na kulegea kwake ni vitu viwili. Igeuze: "Ukiuachia waya, unaning'inia au unasimama?" Sasa anajibu.

Hatua ya 3: Hatari ije juu ya yote

Mafundi wengi huweka onyo mwishoni. Lakini msomaji akishapata tiba hateremki tena. Mistari miwili au mitatu mwanzoni kabisa inatosha: kama mfuniko wa nyuma umeinuka, kioo kimebinuka pembeni, au simu inayumba ukiilaza mezani, betri imevimba. Ichomoe, usiichaji tena, usiibonyeze wala kuitoboa, ipeleke kwa fundi. Vivyo hivyo ukisikia harufu ya kuungua au ukiona kichwa cha chaja kimeyeyuka. Kisha endelea na makala.

Hatua ya 4: Panga vyanzo kwa kuuliza maswali matatu

Hapa ndipo kazi ilipo. Kwa kila dalili unavyo vyanzo vinne au vitano kichwani, na mpangilio wake ndio unaoamua kama msomaji atatumia dakika tano au nauli ya basi. Jiulize kuhusu kila chanzo: kinatokea mara nyingi kiasi gani, kukikagua kunagharimu nini, na msomaji akikosea anaharibu nini. Kinachotokea sana, kisicho na gharama na kisichoharibu kitu, kinakwenda juu. Kinachotokea kwa nadra na kinachohitaji kufungua simu kinakwenda chini.

Chukua dalili ya "mpaka niushike waya". Mimi naweka uchafu wa tundu kwanza, waya wa pili, tundu lenyewe la tatu. Uchafu unatangulia kwa sababu kuukagua ni kutazama tu, na kwa vumbi la kwetu wakati wa kiangazi, kwa mtu anayeweka simu mfukoni au kwenye pindo la kanga, ni jambo la kila siku. Kila mara unapochomeka waya unaushindilia ule uchafu chini, mpaka siku moja kichwa cha waya hakifiki mwisho tena.

Kwamba waya unatangulia tundu kuna sababu yake, na ni vizuri kuijua unapoandika. Kwenye zile simu za tundu dogo la zamani, la mikro, vile vimeno vinavyoshika vimewekwa upande wa waya, si upande wa simu. Walioibuni walitaka kinachochakaa kwanza kiwe kile cha bei rahisi. Kwenye Taipu-C pia vishikizo vimo ndani ya kichwa cha waya. Kwa hiyo unapoona waya unaning'inia, dhana ya kwanza ni kwamba waya umechoka, si simu. Fundi anayekimbilia kubadilisha tundu ameruka hatua mbili ambazo mteja angezimaliza nyumbani.

Sitaki usadiki kwamba mpangilio huu ni wa milele. Anayeandikia madereva wa bodaboda, ambao simu hukaa kwenye kishikio juu ya usukani mvua na jua, ana haki ya kuweka unyevu kwenye tundu na joto la betri juu zaidi. Simu nyingi hukataa au hupunguza kuchaji betri ikipata joto sana, karibu nyuzi 45 na kuendelea. Anachoona dereva ni simu iliyoacha kuchaji bila sababu.

Hatua ya 5: Usitoe chanzo bila kipimo chenye majibu mawili

Kila chanzo kiwe na kipimo kabla ya tiba, na kipimo kiwe na njia mbili: ukiona hivi, fanya hili, na usipoona, nenda pale. Makala isiyo na upande wa "usipoona" inamwacha msomaji njia panda.

Nilidhani nimeelewa hilo mpaka shangazi aliponijaribia rasimu ya pili. Niliandika: "Jaribu waya mwingine." Akajaribu, haikubadilika kitu, akahitimisha kuwa waya wake ni mzima na simu ndiyo mbovu. Nilipomuuliza huo waya mwingine kautoa wapi, akasema droo ya kabati. Ulikuwa droo kwa sababu ulishaharibika!

Tangu hapo siandiki "mwingine". Naandika: "Chukua waya ambao sasa hivi unachaji simu nyingine, uone kwa macho yako unachaji, kisha uulete kwenye simu yako." Kipimo chochote cha kubadilishana kinadai kifaa ambacho kimethibitishwa kuwa kizima. Na badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya, kichwa cha chaja na soketi kwa pamoja na simu ikachaji, hujui kilichokuwa kibovu, na kesho utakirudisha kilekile.

Kwa waya na tundu, kipimo kizuri ni cha kuvusha. Waya wa msomaji unakwenda kwenye simu ya jirani, na waya wa jirani unakuja kwenye simu ya msomaji. Tatizo likihama na waya, waya ndio mbovu. Likibaki kwenye simu, ni simu. Sentensi mbili, na zinafanya kazi ya ukurasa mzima.

Hatua ya 6: Tiba iandikwe kwa vitu vilivyomo nyumbani

Usimwambie mtu atumie hewa ya mgandamizo kama hana. Lakini pia usiandike "safisha tundu" ukanyamaza, kwa sababu kitu cha kwanza atakachoshika ni sindano. Sindano ni chuma. Inaweza kugusisha pini mbili zisizopaswa kugusana, au kukwangua rangi ya dhahabu iliyo juu yake.

Hivi ndivyo tiba inavyosomeka kwenye makala yangu ya sasa, kwa dalili hiyo moja, kutoka juu hadi chini:

> "Inachaji, ila mpaka niushike waya"
>
> Chomeka waya hadi unapogoma, kisha utazame kwa ubavu. Je, kile chuma cha kichwa cha waya bado kinaonekana nje, kiasi cha kupenyeza ukucha? Ukivuta taratibu, unatoka bila kushika?
>
> *Ndiyo.* Huenda kuna uchafu chini ya tundu. Zima simu kabisa. Mulika ndani kwa tochi. Chonga kijiti cha meno cha mbao kiwe chembamba, kipitishe kandokando ya ukuta wa tundu, ukikwangua kuelekea nje. Kama tundu lako lina kiulimi katikati, usikiegemee, kikivunjika tundu limekwisha. Usipulize kwa mdomo, mate yataingia. Rudia mpaka kijiti kitoke kikavu na safi. Chomeka tena. Ukizama wote na ukashika, umemaliza.
>
> *Hapana, au umesafisha na bado.* Chukua waya unaochaji simu nyingine sasa hivi, uulete kwenye simu yako. Ukichaji bila kushikwa, waya wako ndio uliochakaa, nunua mwingine. Kabla hujalipa, uchomeke kwenye simu yako palepale dukani, usikie unavyoshika.
>
> *Waya mzima nao unataka kushikwa.* Tundu la simu limelegea au miguu yake imeachia. Hapa acha. Mwulize fundi swali moja: "Kwa simu hii, tundu liko kwenye ubao mdogo wa chini, au limechomelewa kwenye ubao mkuu?" Likiwa kwenye ubao mdogo, ubao huo hubadilishwa wote na kazi ni nyepesi. Likiwa kwenye ubao mkuu, ni kazi ya kuchomelea, na gharama yake ni nyingine.

Angalia kwamba kila aya inaanza na jibu la aya iliyotangulia. Msomaji hahitaji kukumbuka yuko hatua ya ngapi. Angalia pia pale nilipomwambia aache. Makala isiyosema mwisho wake iko wapi inamsukuma mtu mwenye bisibisi afungue simu iliyogundishwa, apasue kioo, halafu aje kwako na hitilafu mbili.

Dalili inayohitaji hesabu kidogo

Si kila dalili inatatuliwa kwa kutazama. "Inaonyesha inachaji lakini asilimia zinashuka" inadai msomaji aelewe jambo moja: umeme unaingia na mwingine unatoka kwa wakati mmoja. Hapa nachukua nafasi ya kueleza, kwa sababu akilielewa hilo vyanzo vinajipanga vyenyewe.

Mwambie asome maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja, mstari wenye neno Output. Ukisomeka `5V 2A`, azidishe: 5 mara 2 ni wati 10. Tundu la kawaida la kompyuta ya zamani hutoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2 na nusu. Betri ya 5000 mAh inabeba takribani wati-saa 19. Kwa wati 10 inajaa kwa saa mbili na ushei hadi tatu, ukihesabu na kinachopotea njiani. Kwa wati 2 na nusu ni zaidi ya saa 8, simu ikiwa imelala. Sasa washa kioo kwa mwanga mkali, fungua ramani, gawa na intaneti kwa hotspoti. Simu inaweza kula yote inayopokea na kuongezea kutoka kwenye betri. Haina ubovu wowote.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha dalili hii si kubadilisha kitu. Ni kuzima simu, kuichaji dakika 30, kisha kuiwasha na kulinganisha asilimia. Zikipanda vizuri, tatizo ni matumizi au chaja ndogo. Zikipanda kidogo mno, peleka waya na kichwa kwenye vipimo vya kuvusha kama pale juu, kimoja kimoja. Baadhi ya simu huandika `Charging slowly` kwenye kioo, na hiyo ni dalili ya bure, iweke kwenye makala kama inavyosomeka. Na kama simu inaonyesha asilimia 40 kisha inazimika ghafla, hapo sasa unaruhusiwa kutaja betri iliyochoka, maana umeshaonyesha njia ya kuifikia.

Ile ya "imezima kabisa" naifupisha. Vyanzo vyake vinaanza ukutani. Mwambie achomeke taa au redio kwenye soketi ileile, kwani mara nyingine ni swichi ya ekstensheni au yuniti za Luku zimekwisha wakati wa mchana na hakuna aliyegundua. Soketi ikiwa nzima na chaja imethibitishwa kwenye simu nyingine, asubiri nusu saa huku imechomekwa kabla ya kukata tamaa. Betri iliyokauka kabisa hupokea chaji kidogo kidogo kwanza, na simu haionyeshi alama yoyote mpaka ipate nguvu ya kuwasha kioo. Niliwahi kutaka kufungua simu ya mteja iliyokuwa katika hali hiyo, tukiwa tunazungumza, ikajiwasha mkononi.

Hatua ya 7: Mpe mtu aisome, wewe ukae kimya

Tafuta mtu asiye fundi, mpe makala na simu, keti pembeni usiseme neno. Kila anaposita, weka alama kwenye karatasi yako. Akikuuliza swali, usimjibu. Liandike, kwa sababu wasomaji wengine watauliza hilohilo na wewe hutakuwepo.

Rasimu ya tatu niliituma kwa shangazi kwa Wasapu, akaisoma kwa sauti huku mimi nikimsikiliza kwenye simu ya binti yake. Alisoma vizuri mpaka "mulika ndani ya tundu". Kimya. Halafu nikamsikia anamwambia binti yake kuwa humu hamna uchafu wowote, ni kweupe. Alikuwa anamulika tundu la visikilizio.

Sasa mstari ule unasema "tundu unalochomekea waya wa chaja", na juu yake nimeweka picha ya simu iliyogeuzwa chini juu, na mshale mmoja.